Waliniambia "haijafika" mara tatu, kumbe ilishafika na kurudi

Sina kawaida ya kuandika malalamiko ya benki. Ila hili neno "haijafika" limenikaa kooni, na nisipolitoa hapa nitamtolea mke wangu, naye ameshasema amelisikia vya kutosha.

Natengeneza maandishi ya chini ya video, Kiswahili na Kiingereza, kwa mteja wa ng'ambo. Malipo yanaingia kwa dola kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni, nami nahamishia benki hapa Dodoma. Siku zote nilikuwa nachagua kulipwa kwa shilingi, hela inaingia, maisha yanaenda. Mwezi huo nikapiga hesabu nikaona jukwaa linaninunulia dola kwa bei iliyo chini ya ile ya benki kwa kama asilimia 3. Tamaa ikanishika. Kwenye ukurasa wa kutolea hela nikaondoa `TZS` nikaweka `USD`, namba ya akaunti nikaiacha ileile. Akaunti ya shilingi. Jukwaa halikuniuliza kitu, likakata dola 30 zake kwenye 640 zangu, likatuma 610. Kesho yake likaniandikia `Completed`.

Siku zikapita, kimya. Nikapanda daladala kutoka Nkuhungu, nikakaa foleni, nikafika kwa kijana wa kaunta. Akaandika namba ya akaunti, akatazama kioo sekunde tatu hivi.

"Haijafika, kaka."

Nikamwonyesha simu, hiyo hapo `Completed`. Akasema hiyo ya kwao, siyo ya kwetu. Na hapo, nikiri, alikuwa sahihi: kwa jukwaa neno hilo maana yake hela imetoka mikononi mwao, basi. Lakini mimi wakati huo nilimwona ananijibu kama mtu anayefukuza kuku.

Mara ya pili "haijafika", safari hii na nyongeza kwamba siku hizi dola zimekatazwa, labda ndiyo sababu. Kaka, hapana! Kanuni za 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani ya nchi. Hazimkatazi mtu kulipwa na mteja wa nje. Mfanyakazi wa benki kuniambia hivyo mbele ya foleni, halafu mzee mmoja nyuma yangu anatikisa kichwa kunisikitikia kana kwamba nimekamatwa na bangi, iliniuma kuliko hizo dola.

Mara ya tatu sikungoja hata amalize neno.

Usiku huo nikawaandikia jukwaa nikiomba kitu ambacho ningeomba tangu siku ya kwanza: `UETR`. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu, ukihesabu na vistari vyake ni 36, na kila malipo yanayopita SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumiana maagizo ya malipo, yanao wake tangu yanapotumwa hadi yanapoishia. Walinitumia, na chini yake mstari mmoja: malipo yamerudishwa na benki ya mpokeaji, sababu `AC09`. Asubuhi kwenye salio langu la jukwaa kulikuwa na dola 565.

Yaani hela ilishafika. Ikakaa. Ikarudi. Mimi huku naambiwa haijafika.

Nikaenda tawi jingine la benki hiyohiyo, nimekasirika, ila nikakuta mama mtu mzima kwenye dawati la malipo ya nje. Hasira unaipeleka wapi mbele ya mtu unayempa shikamoo? Akaitikia, akachukua kile kikaratasi chenye `UETR`, akaingiza kwenye mfumo wake, akageuza kioo nami nione.

"Tazama mwanangu. Benki ya jukwaa lako haina akaunti kwetu, na sisi hatuna kwao. Kwa hiyo dola zinapita kwanza benki ya katikati, New York, ambako sisi tunaweka dola zetu. Hapo wamekata 20. Zimetufikia 590."

"Zikaenda wapi?"

"Zimekuja dola, akaunti uliyoandika ni ya shilingi. `AC09` ni hiyo, sarafu ya akaunti hailingani. Kuna benki mfumo wao unazigeuza shilingi papo hapo. Wa kwetu unazishikilia pembeni mpaka mwenyewe aseme. Hukusema, zikarudishwa, na kule New York wakakata tena 25 za kurudisha."

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno. Kijana alikuwa anafungua taarifa ya akaunti yangu, na hela iliyoshikiliwa pembeni haionekani kwenye taarifa ya akaunti ya mteja. Iko ndani ya benki, ila haiko kwako. Angepiga simu moja tu kwa watu wa malipo ya nje, ningesaini barua ya mistari minne kwamba nigeuziwe shilingi, nikaambatanisha na ankara ya mteja wangu kuonyesha hela ni ya nini, mambo yameisha. Nilitaka kuandika hapa nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi aliyenipa kiti.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Akashuka chini kwenye kioo. "Hapa wameandika tulikupigia mara mbili. Hukupatikana." Akanisomea namba. Ilikuwa laini yangu ya zamani, ile iliyopotea na simu pale Sabasaba, ambayo sikuwahi kurudi benki kuibadilisha.

Nilinyamaza. Yeye naye alinyamaza, akanipa fomu ya kubadilisha namba na fomu ya akaunti ya dola, moja juu ya nyingine.

Nikafungua hiyo akaunti ya dola, nikaandika upya kila kitu kwenye jukwaa: namba mpya, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, msimbo wa SWIFT wa benki, na kwenye nafasi ya benki ya katikati nikajaza ile ya New York aliyoniandikia mama. Nikatuma zile 565. Jukwaa 30, New York 20, benki yangu 10 za kupokea. Zikaingia 505. Kutoka 640! Dola 135 zimeliwa njiani, mimi niliyeikimbia asilimia 3, ambayo kwa 640 ni kama dola 19.

Kwa hiyo nampa nani nyota ngapi? Benki nilitaka kuihama, lakini yule mama yuko humo. Jukwaa lingeweka swali moja tu, akaunti hii ni ya sarafu gani, nisingeandika haya, na wao ndio hakuna anayewalaumu kwa kuwa hawana kaunta ya kuwafuata. Kwa hela ndogo kama zangu nimerudi kwenye shilingi. Makato ya kutumiwa dola benki kwa benki ni yaleyale utume 600 au 6,000, kwa hiyo akaunti ya dola naingojea siku nitakayolipwa ya kutosha.

Kijana wa kaunta nimemsamehe nusu. Juzi nilienda kuchukua kadi tawini kwake. Akanikumbuka, akaniuliza ile hela yangu iliishia wapi. Nikamwambia ilifika. Akatabasamu kwa raha kabisa, akasema, "Si nilikwambia kaka, ungesubiri tu."

Naondoa ile nusu.