Gadi, stabilaiza au ekstensheni ya jouli: ipi ununue kwanza

Mwaka juzi waya wa nyutro ulilegea kwenye nguzo ya mtaani kwetu Tabata. Taa ziling'aa kama za ukumbi wa harusi, ekstensheni yangu "yenye kinga" ikafuka moshi, na TV ya inchi 55 ikazimika moja kwa moja. Fundi alichomeka mita ukutani ikasoma volti 338, wakati umeme wa nyumbani ni 230.

Boksi la ekstensheni ile lilikuwa limeandikwa jouli 900 na ushee, na pengine halikudanganya. Jouli moja ni nguvu ya wati moja ikitumika kwa muda wa sekunde moja. Ndani ya ekstensheni kuna vidude vya duara, mara nyingi vya buluu, viitwavyo varista. Kazi yake ni kumeza umeme unaoruka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kama radi inapopiga mbali. Nyutro ikilegea, volti hubaki juu dakika nzima au zaidi. Varista ikipitisha ampea moja tu kwa volti 340, inameza jouli 340 kila sekunde. Jouli 900 zinaisha kabla hujainuka kwenye kochi.

Kwa hiyo, kwa umeme wetu, naweka kwanza gadi inayokata umeme. Haijaribu kumeza chochote. Volti zikivuka mpaka inakata, zikitulia inasubiri kidogo ndipo irudishe. Kusubiri huko ndiko kunakookoa friji, kwa sababu kompresa ikiwashwa gesi ikiwa bado na presha inakwama na kuungua. Jina ninalolipa nafasi ya juu ni Sollatek, ila soma modeli kabla ya kulipa. FridgeGuard inalinda umeme ukishuka, TVGuard inalinda ukipanda, na AVS inafanya yote mawili. Watu wengi huifunga FridgeGuard kwenye TV wakadhani wamemaliza. Namba inayofuata jina ni ampea: AVS13 ni ya kuchomeka ukutani, AVS30 hufungwa na fundi kwenye laini.

Nafasi ya pili ni stabilaiza, lakini kwa mwenye umeme mdogo kila jioni tu. Kabla ya kuinunulia TV, geuza TV uangalie kibandiko cha nyuma. Kikisema `100-240V`, inavumilia umeme mdogo yenyewe, unachohitaji ni gadi. Friji ya kawaida ndiyo yenye shida. Tuseme inatumia wati 150 ikishatulia, chini kidogo ya ampea moja au kama moja hivi. Wakati wa kuwaka kompresa huvuta mara tano hadi saba ya hapo, yaani karibu VA 1,500, ambayo ni volti mara ampea, kwa muda mfupi. Chukua ya VA 2,000, usichukue ya 500 eti kwa sababu inatosha kwa wati 150.

Na VA iliyoandikwa usoni usiiamini hivi hivi. Tazama breka au fyuzi iliyo nyuma. Iliyoandikwa 5000VA ikiwa na breka ya ampea 10, piga hesabu: 10 mara 230 ni 2,300. Hiyo ndiyo stabilaiza unayoinunua. Kisha inyanyue. Transfoma ni chuma na nyaya, haiwezi kuwa nyepesi kama redio. Mwisho, uliza jedwali la uwezo wake volti zikishuka. Ya kawaida hupoteza uwezo mwingi umeme wa kuingia ukifika 150, na ndio wakati unaoihitaji. V-Guard ya India, kampuni iliyoanza na stabilaiza mwaka 1977, naipa nafasi nzuri hapa. Za Kariakoo zisizo na jina linaloeleweka nanunua tu kama muuzaji anakubali niifungue tutazame ndani.

Ekstensheni ya jouli ni ya tatu, tena nyuma ya gadi, si badala yake. Kati ya zinazojulikana, APC huandika namba yake wazi. Jouli zilizoandikwa ni jumla ya varista zote, na kila mruko wa umeme unazila kidogo. Zilizo na taa ya kuonyesha kinga bado ipo ndizo za kununua. Ikizimika, soketi zitaendelea kutoa umeme kama kawaida, ila umebaki na ekstensheni ya kawaida tu.

Sehemu ya varista hizo hupeleka umeme kwenye athi. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa na pini ya athi kwenye soketi, lakini nyuma ya soketi hapakuwa na waya wowote. Mwambie fundi aifungue uone kwa macho yako.