Kitabu cha tarakimu milioni moja: uzoefu wangu wa kuchagua kaya kwa rula na penseli

Nimekitumia kitabu hiki kwa kazi ya utafiti wa kaya na kwa kufundishia wadadisi, kwa hiyo maoni haya ni ya mtu aliyekitia alama za penseli. Ni kile cha shirika la RAND la Marekani, kilichotoka mwaka 1955 na kuchapwa upya mwaka 2001. Ndani yake mna kurasa 400 za tarakimu za nasibu tupu, yaani zilizotokea kwa bahati bila mpangilio wowote: kila ukurasa mistari 50, kila mstari tarakimu 50, zimegawanywa mafungu ya tano tano ili jicho lisipotee. Piga hesabu utapata milioni moja kamili. Mwishoni kuna jedwali jingine la namba 100,000 za mgawanyo wa kawaida, ambalo mtu wa sampuli hana haja nalo.

Watu wa nyumbani hucheka wakikiona. Tena waliokitengeneza walieleza wenyewe kwenye utangulizi kwamba hawakuona haja ya kusahihisha kila ukurasa ili kunasa makosa ya bahati mbaya ya mashine ya kuchapa. Ni kweli: kosa la nasibu ndani ya tarakimu za nasibu halina madhara.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi tarakimu zilivyopatikana. Kabla yake, mwaka 1927, Mwingereza Tippett alichapisha tarakimu 41,600 alizozichota kwenye taarifa za sensa ya Uingereza. RAND wao walijenga gurudumu la bahati la kielektroniki. Chombo kilitoa mipigo ya umeme isiyotabirika, takriban 100,000 kwa sekunde, na kila sekunde moja kihesabio kilisomwa kimesimama wapi. Kihesabio kilikuwa na nafasi 32. Sasa, 32 haigawanyiki kwa kumi. Ungezigawa zote kwa tarakimu 0 hadi 9, kuna tarakimu zingepata nafasi nne na nyingine tatu. Dawa yao ilikuwa kutumia nafasi 20 tu, mbili kwa kila tarakimu, na kuzitupa 12 zilizobaki. Hata hivyo walipopima walikuta bado kuna upendeleo mdogo, wakachukua kadi za matundu zilizorekodiwa tarakimu hizo, wakajumlisha tarakimu za kila kadi na za kadi iliyotangulia, wakabakiza tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo. Hiyo ndiyo iliyochapwa.

Kumbuka huko kutupa nafasi 12, maana kazi yote ya kutumia jedwali inazunguka hapo.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuanzia. Mistari imepewa namba kuanzia 00000 hadi 19999. Unafungua kitabu popote, unaweka kidole bila kuangalia, unasoma tarakimu tano. Tuseme umeangukia 37542. Tarakimu ya kwanza ukiigawa kwa mbili inabaki 1, kwa hiyo unakwenda mstari wa 17542. Mbili zinazofuata kulia, tuseme 04, zinakupa safu. Zikizidi 49 unatoa 50. Watu wengi huona huu ni usumbufu wakaanzia juu ya ukurasa wowote uliofunguka. Tatizo ni kwamba kitabu kilichozoea kufunguliwa hufunguka palepale kila mara, na sampuli ya mwaka huu inafanana namba kwa namba na ya mwaka jana.

Kwenye mafunzo mimi hutumia makusudi mstari wa kwanza kabisa, 00000, ili kila mtu alingane na mwenzake:

10097 32533 76520 13586 34673 54876 80959 09117 39292 74945

Tuna mtaa wa kaya 320, zimeorodheshwa na kupewa namba 1 hadi 320, na tunataka kaya 15. Namba kubwa ina tarakimu tatu, kwa hiyo tunasoma tatu tatu bila kujali nafasi kati ya mafungu: 100, 973, 253, 376, 520, 135, 863, 467, 354, 876, 809, 590, 911, 739, 292, 749. Mbili za mwisho, 45, zinaungana na mstari unaofuata.

Anayeanza huchukua zilizo ndani ya 320 na kuacha nyingine. Atapata 100, 253, 135 na 292. Nne tu kati ya 16. Njia hiyo ni halali, ila utasoma mistari mpaka macho yaume. Mzoefu hugawa: 001 hadi 320 zinabaki zilivyo, 321 hadi 640 anatoa 320, 641 hadi 960 anatoa 640. Basi 376 inakuwa kaya ya 56, 520 inakuwa 200, 863 inakuwa 223, na kuendelea: 147, 34, 236, 169, 270, 271, 99, 109. Ukijumlisha na zile nne za awali, una kaya 15 kwa mstari mmoja.

Na 973? Hii inatupwa. Hapa ndipo wadadisi wapya hunibishia kila mara: kwa nini tusitoe 960 tukapata kaya ya 13? Kwa sababu namba za tarakimu tatu, 000 hadi 999, ni 1,000, na 1,000 ni mara tatu ya 320 na ziada ya 40. Ukiitumia ile ziada, kaya 40 zinakuwa na tiketi nne kila moja na zilizobaki tatu tatu. Kama orodha ilianza barabarani, umewapendelea wa barabarani. Kosa hili halionekani kwenye sampuli moja hata ukiitazama wiki nzima. Linaonekana kwa kumwomba mtu akuoneshe namba alizozitupa. Asipokuwa na hata moja iliyozidi 960 baada ya mistari kadhaa, ujue anazitumia.

Mabishano ya pili huja kwenye 270 na 271. "Mwalimu, hizi nyumba zimepakana ukuta," mmoja aliniambia. "Si tubadilishe moja, upande wa bondeni nao upate?" Nikamwambia hapana. Ukichagua kaya 15 kati ya 320 kwa haki, karibu nusu ya sampuli zako zitakuwa na angalau majirani wawili waliofuatana. Anayeziondoa kila zinapotokea amekwishaacha jedwali na anachagua kwa jicho lake. Kinachoruhusiwa kurukwa ni namba iliyojirudia, kwa kuwa kaya hiyo imeshaingia.

Mengine ni ya mkono tu. Bila rula chini ya mstari utaruka mstari bila kujua, hasa jioni umeme ukiwa hafifu. Weka alama ya penseli pale ulipoishia, uandike tarehe pembeni, ili usitumie tena tarakimu zilezile. Ukiwa kijijini bila kitabu, miongozo ya zamani ya Shirika la Afya Duniani ya kupima chanjo iliruhusu kuchukua tarakimu za namba ya noti mfukoni. Inasaidia kwa namba moja ya kuanzia. Kwa kuchagua kaya 15 utamaliza pochi ya ofisi nzima.

Kama bidhaa ninakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimekwenda kwa mwendo wake wa polepole.

Watu wengi hudhani majedwali haya yaliachwa kwa sababu kompyuta ina tarakimu bora zaidi. Kwa sampuli ya mtaa, tarakimu hizi hazijawahi kuwa tatizo. RAND walizitaka kwa majaribio makubwa ya kuiga kwa hesabu, na huko milioni moja huisha haraka. Kompyuta ikajifunza kuzizalisha yenyewe kwa kanuni ya hesabu badala ya kungoja kadi zisomwe. Kwetu sisi wa kaya, kilichobadilika ni orodha. Zamani orodha ilikuwa daftari la mwenyekiti wa mtaa, na jedwali lilikaa vizuri kando ya daftari. Siku hizi mdadisi anaorodhesha kaya kwenye kishikwambi, jioni orodha iko kwenye kompyuta. Kuichapa kwenye karatasi ili uchague kwa rula kisha uingize tena ni kazi mara mbili na nafasi mbili za kukosea.

Lakini kilichokuja badala yake kina mitego yake. Kwenye lahajedwali, fomula ya namba za nasibu, `RAND()`, hujihesabu upya kila unapobadilisha seli yoyote. Sampuli uliyoiona asubuhi haipo mchana, na mtu asiye mwaminifu anaweza kuendelea kubonyeza mpaka vijiji vya mbali visiwemo. Igandishe kwanza kwa kunakili na kubandika thamani tu. `RANDBETWEEN(1,320)` nayo hurudia namba bila kukuambia. Mimi hutumia programu ya takwimu ya R:

```
set.seed(37542)
sort(sample(1:320, 15))
```

Namba iliyo kwenye `set.seed`, yaani mbegu, inafanya kazi ya kidole kwenye ukurasa: ukiiandika kwenye ripoti, mkaguzi ataipata sampuli ileile. Isipokuwa jambo moja. Hadi mwaka 2019 amri ya `sample` ilikuwa na upendeleo mdogo sana, wa aina ileile ya ziada ya 40, uliokuwa na uzito kwenye orodha kubwa mno. Toleo la 3.6.0 la R lilirekebisha kwa kutupa ziada, kama RAND walivyotupa nafasi 12. Matokeo yake, mbegu ileile inatoa kaya tofauti kwenye toleo la zamani na jipya. Ukikagua kazi ya kabla ya hapo, ongeza `sample.kind="Rounding"` ndani ya `set.seed`. Na kwa kazi yako mwenyewe andika toleo kando ya mbegu. Mstari wa 17542 wa kitabu, kwa upande wake, haujabadilika tangu 1955.

Tahadhari kwa wanaotaka kukitumia kwa droo ya zawadi au nywila: usithubutu. Tarakimu hizi kila mtu anazo, na anayejua ulipoanzia anajua utakapoishia.

Kuhusu kununua: kama orodha yako imeshaingia kwenye kompyuta, hukihitaji, na RAND wameziweka tarakimu zote bure kwenye tovuti yao. Anayefundisha wadadisi anunue nakala ya karatasi. Mtu akishakata 973 kwa penseli yake mwenyewe, haulizi tena kwa nini programu nayo inatupa namba. Yangu ninaiazima kwa wakufunzi wenzangu, ila kurasa za mwanzo zimejaa alama, anzeni katikati.