Jozi tupu au eksi, sudoku ikigoma

Barazani Mji wa Kale, kahawa ikizunguka, sudoku ya gazetini hukwama pale kutazama tu kusipotosha. Mimi huanza na jozi tupu. Mstari wa 4 ukiwa na visanduku viwili vyenye 3 na 7 pekee, namba hizo zishapata kwao. Zifute kwingine mstarini. Kilichokuwa na 3, 5 na 7 ni 5.

Eksi hufuata namba moja. Tuseme 6, mstari wa 2, inaweza kukaa safuwima ya 1 au ya 8 tu, na mstari wa 7 vivyo hivyo. Zitakaa pembe zinazokabiliana kimshazari, kwa hiyo ifute kwingine katika safuwima zote mbili. Huchosha macho, hasa bila kuandika namba ndogo. Nafasi ya tatu ikijitokeza mstari wa 7, hakuna eksi hapo.