Le au guo? Kwanza tuache kuziita wakati uliopita

Le, guo na zhe ni vijineno vya Kichina vinavyokaa nyuma ya kitenzi. Wengi wakianza Kichina wanaandika kwenye daftari "le = wakati uliopita", na shida inaanzia hapo hapo. Cheki hii: Míngtiān wǒ chī le fàn jiù qù zhǎo nǐ, yaani kesho nikishakula nakuja kwako. Ni kesho kabisa, na le ipo! Le inasema tu tendo limekamilika, kama ni lini unaambiwa na míngtiān yaani kesho, zuótiān yaani jana, au stori yenyewe. Halafu Yǐqián wǒ zhù zài Běijīng, zamani nilikuwa naishi Beijing, hapo ni zamani na le haipo.

Sasa le na guo. Tā qù le Zhōngguó, kaenda China, na kama hujaambiwa kingine unaelewa bado yuko huko. Tā qù guo Zhōngguó, amewahi kwenda China, safari iliisha na ameshatoka, kwa hiyo ukitaka kujua bosi yuko wapi saa hizi sentensi ya guo haikusaidii kitu. Ukikanusha ndo tofauti inaonekana vizuri zaidi: "hajawahi kwenda" ni méi qù guo, guo inabaki, ila "hakwenda" ni méi qù tu, le inatoka, maana hakuna kilichokamilika.

Zhe yenyewe inashika hali inayoendelea kuwepo: mén kāi zhe, mlango uko wazi. Weka zuótiān mbele, mlango ulikuwa wazi jana, na zhe haibadiliki hata kidogo.