Uzoefu wangu na Optical Flow: mwendo wa polepole wa kutunga na wa kurekodi

Ninarekodi harusi Dar es Salaam, na karibu kila familia hutaka kipande cha mashangazi wakicheza kionyeshwe taratibu. Programu yangu ya kuhariri ina mpangilio uitwao Optical Flow, ambao hukisia kila sehemu ya picha imehamia wapi kati ya fremu mbili, kisha hutunga fremu za katikati. Nimeulinganisha na kurekodi kwa fremu 100 kwa sekunde, na kwa maoni yangu unafaa pale mwendo ulipo mdogo, lakini hauaminiki mikono inapopita kwa kasi.

Kipande nilichokichunguza zaidi kinamwonyesha shangazi akipeperusha kanga mbele ya ukuta wa matofali ya matundu, kwa fremu 25 kwa sekunde. Nilipokipunguza hadi robo ya kasi yake, programu ilibuni fremu tatu kati ya kila fremu mbili za kweli. Ukuta kandokando ya vidole ukawa unavutika kama mpira. Sababu yake ni kwamba sehemu ya ukuta iliyofichwa na mkono katika fremu ya kwanza hufunuliwa katika ya pili, nayo haina cha kulinganishwa nacho, hivyo programu huiburuta pamoja na mkono. Matundu nayo yanafanana mno, kiasi kwamba tundu moja hudhaniwa kuwa ni lile la jirani yake. Ukipitia fremu moja baada ya nyingine utaona wazi: fremu moja safi, tatu zilizopindapinda, kisha safi tena.

Hata makisio yakiwa sahihi, ukungu wa mwendo hubaki. Mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 8 kati ya fremu mbili, na kwa shata ya 1/50, yaani kamera ikipokea mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde katika kila fremu, huacha ukungu wa sentimita 4. Kwa fremu 100 na shata ya 1/200, ukungu huo ni sentimita 1 tu, kwa hiyo pindo la kanga huonekana likikunjuka, jambo ambalo hakuna fremu ya kubuni iliyowahi kunipa.

Gharama yake ni mwanga. Shata hiyo hupokea robo tu ya mwanga, hivyo ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hupanda kutoka 800 hadi 3200, na ukumbini usiku chengachenga huonekana. Ninachagua 100 badala ya 120 kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa fremu 120, mwanga hupandashuka kwenye picha.

Optical Flow ninaiachia mapambo ya meza, moshi wa udi na kamera inayosogea taratibu, tena kwa nusu ya kasi, ambapo fremu ya kubuni ni moja tu kati ya mbili za kweli.