Uzoefu wangu: Kumi ya Panga ilipotokea kwenye swali la kupoteza kazi

Nimesomewa taroti, zile karata za kubashiria, mara mbili kwa swali lilelile la kazi, na mara zote mbili ikatokea Kumi ya Panga. Maoni haya ni ya huduma ya pili, ila siwezi kuieleza bila kugusa ya kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa kwa simu, dakika kumi. Msomaji alitoa karata moja, akaguna, akanyamaza, kisha akasema, "Pole, hapo mwisho wako umefika." Kilichofuata kilikuwa ni kuniuzia huduma nyingine ya kuondoa nuksi. Sikulipa, lakini usingizi ulinipaa siku tatu.

Kwa asiyeijua karata yenyewe: katika seti iliyotoka London mwaka 1909, iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith, Kumi ya Panga ni mtu aliyelala kifudifudi na panga kumi zimemsimama mgongoni. Juu yake anga ni jeusi tii. Ukiona hivyo na huku unaogopa kufukuzwa kazi, huhitaji mtu wa kukutafsiria, moyo unajisomea wenyewe. (Kwa wachezaji wa karata za kawaida, hili ndilo kundi letu la shupaza. Neno hilo limetoka kwenye neno la Kireno la panga, kama vile kopa lilivyotoka kwenye vikombe na uru kwenye dhahabu. Basi tumekuwa tukizishika panga hizi mkononi miaka yote bila kushtuka.)

Huduma ya pili ilikuwa dakika 45 kwa video, kamera ikitazama meza ili nizione karata zikichangwa. Msomaji ni mama wa makamo, sauti ya taratibu, na kabla hajagusa karata alinirudisha kwenye swali langu. Niliuliza, "Mama, nitafukuzwa?" Akasema, "Mwanangu, ukiuliza hivyo, karata yoyote mbaya itakujibu ndiyo na yoyote nzuri itakujibu hapana. Hapo tutakuwa tumerusha sarafu tu." Tukalibadilisha: nijue nini kuhusu nafasi yangu kazini, na nifanye nini sasa?

Halafu akafanya jambo ambalo msomaji wa kwanza hakulifanya: alizitaja nafasi za karata kabla ya kuzifunua. Ya kushoto, kilichokwisha. Ya katikati, nilipo. Ya kulia, hatua yangu. Kumi ya Panga ikaangukia kushoto.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Karata haina wakati wake yenyewe, wakati inapewa na nafasi. Ikiwa imekaa kwenye "kilichokwisha", inazungumzia jambo ambalo tayari limekufa na labda sijalizika. Nilimuuliza, je, ingeangukia kulia? Akasema angeisoma kama agizo la kuacha: acha kukifufua kisichofufuka. Kwa vyovyote isingekuwa hukumu. Yule wa simu alitoa karata moja isiyo na nafasi, kwa hiyo hofu yangu ndiyo iliyoijazia wakati, na hofu siku zote huchagua kesho.

Akaniambia nieleze picha kabla ya maana. Nikasema, mtu amechomwa panga kumi. "Endelea." Maji nyuma yake yametulia, sikuwa nimeyaona. Chini ya lile jeusi kuna mwanga wa manjano, na milima ng'ambo. Na mkono wa yule mtu, vidole vimekunjwa kwa ishara ya baraka, ileile anayoionyesha kuhani mkuu kwenye karata namba 5. Nilipotaka kuurukia ule mwanga, yaani kumbe mambo yatakuwa mazuri, alinizuia. Alisema wasomaji wengi wakiona mteja ameogopa hukimbilia alfajiri, mteja akaondoka na faraja isiyo na kazi ya kufanya. Mwili kwanza, alfajiri baadaye. Pia alinikumbusha kwamba Waite mwenyewe aliandika kuwa hii si hasa karata ya kifo cha kikatili, ingawa maumivu na huzuni aliviacha palepale.

Kisha akanipa karatasi na kalamu, yaani akaniambia nizichukue zangu. Niandike panga kumi: vitu kumi vinavyoniambia kazi inaondoka. Panga kwenye taroti ni kundi la mawazo na maneno, na kumi ni mwisho wa hesabu, wazo lililosukumwa mpaka ukutani. Nikaandika. Akaniambia niweke alama kwenye yale tu yaliyotokea na yenye shahidi. Zilibaki tatu: mradi niliouongoza umefungwa, jina langu limeondolewa kwenye kikao cha kila wiki, na meneja aliniambia "tutaongea" kuhusu mkataba kisha akakaa kimya. Saba zilizobaki zilikuwa za aina ya "amenisalimia vibaya" na "wenzangu wananionea huruma". Upanga mmoja unatosha kumlaza mtu, akasema mama yule, hizo nyingine umejiongezea usiku.

Kwa hiyo kilichokufa kilikuwa mradi, pamoja na nafasi niliyokuwa nayo kwa sababu yake. Mkataba ulikuwa bado hai, ila uko hatarini. Katikati ilitoka Nane ya Sarafu, fundi ameinama akichonga sarafu moja baada ya nyingine, na hapo nilijicheka, maana nilikuwa bado nabaki ofisini hadi usiku nikikamilisha ripoti za mradi ambao haupo. Kulia ikatoka Sita ya Panga: mashua, mpiga kasia, mtu aliyejifunika na mtoto, panga sita zimesimama ndani ya mashua. Tukaitafsiri kuwa niandike kwa barua pepe kuuliza tarehe ya mkataba, niandae wasifu wangu, na nihesabu akiba yangu inanifikisha mwezi gani.

Nilimwomba karata ya nne ili nijue lini. Akakataa. Alisema ukiongeza karata kila jibu linapokuuma, unaishia kuchagua ile inayokupendeza, na tarehe anayo mwajiri, hayupo mezani. Nilikasirika kidogo wakati ule.

Wiki tano baadaye mkataba haukuongezwa. Kuna rafiki aliniambia, "Si umeona, karata ilikwambia!" Mimi sioni hivyo. Zile panga tatu zenye alama ndizo zilizoniambia, nami nilikuwa nimezifunika kwa saba za uongo. Barua pepe niliyoiandika ilinipatia jibu siku 18 kabla ya mkataba kwisha, na siku hizo nilizitumia kuomba kazi kwingine badala ya kumalizia ripoti.

Kasoro zipo. Dakika nyingi zilimezwa na karata ya kwanza, na Sita ya Panga ikapata dakika nne za haraka, wakati mimi nilikuwa na maswali. Nilitamani kujua kwa nini panga zinasafiri ndani ya mashua badala ya kuachwa ufukweni; alisema tu kwamba wengine husoma kuwa ukizing'oa mashua itavuja, na muda ukaisha. Pia kikao hakirekodiwi, wala hilo hukuambiwi wakati wa kuweka nafasi. Nimempa nyota nne kati ya tano. Ukienda, weka saa mbele yako, na ikifika dakika ya 30 mwambie mwende kwenye karata ya mwisho.