Picha iliyobana, fremu ya 8×10: kujaza au kunyoosha?

Chukua picha ya bibi yenye pikseli 4000 kwa 6000, mabega yote mawili yamegusa kingo. Fremu ya inchi 8 kwa 10 inataka upana wa 4800, kwa hiyo unahitaji pikseli 400 kila upande. Ukikata juu na chini badala yake, kilemba kinaondoka, nacho ndicho roho ya picha.

Njia ya kwanza katika Photoshop ni kifaa cha Crop, ukichagua Content-Aware kisha ukavuta kingo. Ukuta mtupu hujazwa vizuri sana. Shida ni begani: programu haijui bega linaishia wapi, hivyo huokota vipande vya jirani na kuvibandika. Kuza hadi asilimia 100 utaona ua lilelile la kanga limejirudia, au kipande cha sikio kikielea ukutani.

Njia ya pili, Edit > Content-Aware Scale, haibuni kitu; hunyoosha kilichopo. Chagua uso, kilemba na shingo, hifadhi kwa Select > Save Selection, kisha uondoe uteuzi kwa Select > Deselect. Geuza Background iwe layer ya kawaida, panua turubai hadi upana wa 4800 kwa Image > Canvas Size, ndipo ufungue Content-Aware Scale na uchague hifadhi hiyo kwenye Protect kabla ya kuvuta. Mabega usiyalinde, maana ndiyo yanayopaswa kufika ukingoni. Maua ya kanga yatapanuka kidogo, lakini kitambaa kitabaki kimoja.

Kwa picha hii ningenyoosha. Bega likiwa mbali na ukingo, ningejaza bila kusita.